Chumba kimoja, mlango mmoja: wageni wanaanza hadithi mwishoni, nipange vipi?

mtunza_vitu
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa makumbusho madogo, sio yale yenye kumbi kumi. Nimekabidhiwa chumba kimoja, urefu mita 7 upana mita 5, mlango mmoja wa mita 1 uko katikati ya ukuta mfupi, mgeni anaingilia hapo na anatokea hapohapo. Ukutani kulia kwako ukiingia kuna dirisha kubwa.

Maonyesho ni historia ya taa. Kuna taa za mafuta za udongo, mishumaa, vibatari, kandili, karabai, balbu, tyubu laiti hadi taa za ledi. Nimepanga kwa miaka kuanzia kushoto kwa mlango, unazunguka ukutani unamalizia kulia kwa mlango. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana. Sasa watu wakiingia wengi wanaelekea kulia, wanaanza na taa za ledi, wakifika kwenye taa ya udongo wanaitazama kidogo wanatoka. Wengine wanakwenda moja kwa moja katikati kwenye nguzo ya taa ya gesi ya barabarani (ndo kitu changu kizuri kuliko vyote, mita tatu kwenda juu) wanapiga picha basi. Nimebandika ANZIA HAPA kwa herufi kubwa pembeni ya mlango na hakuna anayeisoma. Nifanyeje?

Sayansi_Mtaani
Hili jibu lake ni rahisi na lilishafanyiwa utafiti zamani. Kuna mtu anaitwa Arthur Melton alifuatilia wageni kwenye makumbusho za Marekani miaka ya 1930, akakuta wengi wakiingia chumbani wanageukia kulia. Kwa hiyo usipigane na miguu ya watu dada. Hamishia mwanzo kulia, mwisho uwe kushoto, umemaliza. Vitu ni vilevile unageuza tu mpangilio.

Fundi Makabati
Naunga mkono. Nimetengeneza makabati ya vioo ya maonyesho mara nyingi na kila nikisimama kuangalia watu wanaenda kulia. Geuza tu.

nyaraka_na_vumbi
Mi naona tatizo lako liko kwenye rejista. Kila kitu ukikipa namba kwa mwaka wake, mfano mwaka kwanza halafu namba ya kitu, ukipanga kwenye rafu vinajipanga vyenyewe, huwezi kuchanganya. Sisi masijala tunafanya hivyo kwa mafaili na hakuna linalopotea.

mtunza_vitu
@nyaraka_na_vumbi asante ila rejista iko sawa, vitu najua vilipo na miaka yake. Shida ni mgeni, yeye haoni rejista anaona chumba.

mzee_wa_maonyesho
Dada subiri kabla hujageuza. Sayansi_Mtaani anachosema kuhusu Melton ni kweli lakini kuna kitu ukikigeuza tu kitakurudia.

Simama katikati ya chumba chako utazame ukuta wa kulia. Mlango uko mkono wako wa kulia, sivyo? Sasa kama hadithi inaanza mlangoni na kuelekea ndani kwa ukuta huo, ina maana miaka inakwenda kutoka kulia kwako kwenda kushoto. Na maandishi yetu yanasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo mgeni anatembea huku, macho yanasoma kule. Anafika kwenye paneli upande wa neno la mwisho, inabidi avuke paneli nzima afike mstari ulipoanza, asome akirudi, halafu avuke tena aendelee. Paneli moja hataona tabu. Ila ukiwa na mstari wa miaka mrefu ukutani, mita sita, mwaka 1780 uko kulia na 1850 uko kushoto, atausoma kinyume na hatajua kama amekosea, ataona tu kwamba mambo hayaeleweki.

Ukianzia kushoto, kama ulivyo sasa, mwendo na usomaji vinakwenda pamoja. Kwa hiyo mpangilio wako wa kwanza haukuwa mbaya. Mbaya ni hatua tatu za kwanza baada ya mlango.

Sayansi_Mtaani
Hapo kwenye kusoma umenipata, sikuwaza. Lakini bado watu wanakwenda kulia, utafiti ni utafiti.

mzee_wa_maonyesho
Wanakwenda kulia kama hakuna kinachowavuta kwingine. Watafiti waliokuja baadaye, kina Stephen Bitgood, walisema mgeni anapima faida na gharama, yaani anafuata njia yenye hatua chache na kitu kinachomvutia, na hapendi kurudi alikopita. Mkono wa kulia ni mazoea tu ya pale ambapo pande zote mbili zinafanana. Kwa dada hazifanani hata kidogo maana kulia kuna DIRISHA. Jicho linafuata mwanga. Mtu ametoka nje anaingia chumba chenye kiza upande mmoja na mwanga upande wa pili, atakwenda wapi?

Huyo Melton alikuta na jambo la pili ambalo watu hawalitaji sana, nalo ni mlango wa kutokea. Mtu akishauona unamvuta, na vitu vilivyo karibu na mlango wa kutokea vinatazamwa haraka kuliko vingine. Chumba chako kina mlango mmoja kwa hiyo mlango wa kutokea anauona muda wote, na mvuto wake unazidi anapokaribia kumaliza mzunguko. Ndo maana hata wanaoanza kushoto nina hakika mwisho hawausomi.

mtunza_vitu
Ni kweli kabisa, wanaoanza kushoto wakifika kwenye tyubu laiti wanatembea tu.

Sasa mzee dirisha siwezi kuziba kwa tofali, na nguzo je?

kichwa_ngumu
Naomba niulize swali la kijinga. Kwani lazima wafuate? Mtu amekuja kuangalia taa, aangalie anayoitaka. Mbona dukani hatufuatishwi mstari.

mzee_wa_maonyesho
Sio la kijinga. Kama ni maonyesho ya vipepeo acha watu wazurure, kila kipepeo kinajitosheleza. Lakini hadithi ya wakati ina kitu kinachosababisha kingine. Taa ya Argand ya miaka ya 1780 ina utambi wa mviringo unaopitisha hewa katikati na bomba la kioo juu. Kama hujaona taa ya udongo inayotoa moshi na mwanga hafifu huwezi kujua Argand aliyeibuni alikuwa anatatua nini, utaona kopo la shaba tu. Hapo mpangilio ndo maelezo yenyewe.

Ila nakubaliana na wewe nusu. Usimlazimishe kwa kamba na vizuizi kila mahali kama foleni. Unahitaji kumshika mwanzoni tu, akishaanza sehemu sahihi na kila kitu kinampeleka mbele kwa hatua chache, ataendelea mwenyewe kwa sababu kurudi nyuma ni kazi.

mzee_wa_maonyesho
Sasa dada nikujibu. Fanya mambo matatu mlangoni.

La kwanza dirisha. Weka pazia zito au ubao mweupe mbele yake. Hata bila shida ya wageni ungetakiwa uzibe, maana kama una matangazo ya zamani ya karatasi au kitambaa jua litayamaliza. Karatasi na nguo huwa tunaziweka kwenye luksi 50 hivi, na mwanga wa dirishani unapita hapo mara nyingi mno.

La pili, kulia kwa mlango simamisha kizuizi chepesi, ukuta wa mbao unaotoka kwenye ukuta wa mlango kuingia ndani kama mita moja na nusu, kwenda juu mita mbili. Mtu akiingia mkono wa kulia anaona ubao, hauna kitu, hauna hata picha. Unaficha mwisho wa hadithi, na unampa sababu ya kwenda kushoto bila kumwambia. Na upande wake wa nyuma unapata ukuta mpya wa kumalizia.

La tatu, kushoto weka kitu kimoja kwenye mwanga mkali, peke yake, mita mbili hivi kutoka mlangoni. Sio paneli ya maneno! Kitu. Udongo, jiwe na chuma vinavumilia mwanga mkali kwa hiyo taa yako ya udongo ya kale inafaa sana. Lile bango la ANZIA HAPA halisomwi kwa sababu mtu anayevuka kizingiti hasomi, macho bado yanazoea kiza, anaangalia chumba kikoje na wenzake wako wapi. Maelezo ya utangulizi yakae pembeni ya hiyo taa, hapo ndipo atasimama.

Fundi Makabati
Mzee hesabu hiyo kizuizi inanipa wasiwasi. Chumba mita 5, mlango mita 1 katikati, kulia kwa mlango inabaki mita 2. Ukisimamisha ubao hapo na kabati la sentimita 50 ukuta wa kulia, ile nafasi nyuma ya ubao inabaki mita moja na nusu kasoro. Mtu wa kiti cha magurudumu akiingia humo atageukaje? Tunahesabu mita 1.5 ya duara ili kiti kigeuke.

mzee_wa_maonyesho
Umesema kweli fundi na ndo maana nataka watu kama nyie humu. Nyuma ya ubao kusiwe na kabati kabisa, iwe paneli bapa ukutani na vitu vichache vya kuning'iniza. Ukitoa kabati unabaki na karibu mita 1.9. Na njia nyingine zote zisipungue sentimita 90 mahali pembamba kabisa, mita 1.2 ni bora maana watu wawili wapishane. Na ule ubao ufungwe imara juu na chini, watoto wataegemea.

Fundi Makabati
Na usizuie mlango usifunguke wote. Chumba cha mlango mmoja kikishika moto hakuna mchezo.

ticha_wa_historia
Mimi nilipanga maonyesho ya shule kwenye korido ndefu, picha za timu na vikombe toka mwanzo hadi sasa, na sikupata shida hata moja, wanafunzi walianza mwanzo wakamalizia mwisho. Nilichora mishale ya stika chini. Dada weka mishale, bei rahisi.

mzee_wa_maonyesho
Ticha korido yenyewe ndo mshale. Mtu hana pengine pa kwenda. Mishale kwenye chumba cha mraba inasaidia yule ambaye tayari anatafuta njia, na hao ni wachache. Halafu zinabanduka pembeni zinashika uchafu.

ticha_wa_historia
Sawa mzee nimekubali la korido. Ila mimi ni mwalimu wa historia naomba niulize jambo la mpangilio wenyewe. Dada karabai umeiweka wapi?

mtunza_vitu
Iko pamoja na taa za mafuta ya taa, baada ya kandili, kabla ya balbu.

ticha_wa_historia
Hapo ndo nilikuwa nakushuku. Balbu ya Edison ni 1879. Ile soksi ya karabai inayong'aa ilitokana na uvumbuzi wa Auer von Welsbach, hataza yake 1885, na kwanza ilikuwa ya taa za gesi. Karabai za mafuta ya taa za kupampu zenye soksi zilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo karabai ni MDOGO wa balbu. Ukiiweka kabla yake umepanga kwa sura, sio kwa miaka. Umeona ni ya moto ukasema ni ya zamani.

mtunza_vitu
Aisee. Kumbe. Miaka kwenye lebo iko sahihi lakini mahali nilipoiweka panasema kingine.

kichwa_ngumu
Sasa hapo ndo mnaona shida ya kupanga kwa miaka. Ukiweka karabai baada ya balbu mgeni atasema hawa wamekosea, mbona wamerudi kwenye moto.

ticha_wa_historia
Na hiyo ndo hadithi yenyewe bana! Gesi haikufa balbu ilipokuja. Ilipata soksi ikawa inang'aa kuliko awali ikashindana na umeme kwa miaka mingi tu. Na mahali ambapo waya haujafika karabai ndo ilikuwa mfalme. Mgeni akitoka anaamini moto uliisha ukaja umeme atakuwa amejifunza uongo.

mzee_wa_maonyesho
Ticha umegusa penyewe. Mstari mmoja unafaa kama mambo yalifuatana. Yakienda sambamba mstari mmoja unadanganya, na watu wengi wa makumbusho ndogo wanakwama hapa kwa sababu ukuta ni mmoja.

Dada jaribu hivi. Kutoka mwanzo hadi 1879 hadithi ni safu moja. Ukifika 1879 ukuta unagawanyika safu mbili, juu moto, chini umeme, zinakwenda pamoja. Kila kitu kinakaa chini au juu ya mwenzake wa miaka hiyohiyo. Balbu ya mwanzo chini, soksi ya gesi ya 1885 juu mbele kidogo. Karabai juu, chini yake balbu za kipindi hicho. Tyubu laiti, zilianza kuuzwa 1938, zinakaa chini na juu yake kandili au karabai iliyokuwa bado inatumika. Mgeni hahitaji kuambiwa, anaona kwamba juu na chini vinaishi wakati mmoja.

Mgawanyiko uuonyeshe kwa rangi ya ukuta, safu ya juu rangi moja na ya chini nyingine, na mwaka uandikwe MARA MOJA katikati ya safu mbili, sio kila safu na mwaka wake. Ukiandika mara mbili wataona ni hadithi mbili.

mtunza_vitu
Hii nimeipenda sana. Ila safu ya juu itakuwa juu kiasi gani, maana karabai ni nzito na watoto wadogo wanakuja.

Fundi Makabati
Rafu ya chini iwe kama sentimita 80 toka sakafuni, ya juu isizidi 130 hapo inapokaa kitu. Mtu mzima anaona zote, mtoto na wa kiti cha magurudumu anaona ya chini vizuri na ya juu kwa kuinua macho. Lebo za safu ya juu uziweke kwenye ukingo wa rafu zikiinama kidogo, usiziweke nyuma ya kitu.

mzee_wa_maonyesho
Nyongeza kabla sijasahau. Hakikisha matangi ya karabai na kandili ni makavu kabisa, mafuta yaliyobaki humo ndani ya kabati lililofungwa ni hatari na harufu yake haiishi. Na soksi za zamani, nyingi zilikuwa na thoriamu, ambayo ina mionzi kidogo. Kwenye boksi lake iliyofungwa haina neno, lakini iliyovunjika usiipangue kwa mkono wala usiifagie vumbi lake, ifunge kwenye mfuko na uandike.

Sayansi_Mtaani
Swali la mstari wa miaka. Kutoka taa ya jiwe hadi mshumaa ni maelfu ya miaka, ile taa ya jiwe ya pango la Lascaux kule Ufaransa peke yake inakadiriwa miaka 17,000 hivi iliyopita, halafu kuanzia 1780 hadi leo ni kama miaka 240. Ukichora kwa kipimo sawa ukuta wote ni taa ya jiwe na vitu vyote vingine vinabanana sentimita chache. Sasa unafanyaje?

mzee_wa_maonyesho
Huchori kwa kipimo. Unagawanya vipindi vinne au vitano, kila kimoja kinapata ukuta kulingana na vitu na maneno yake, na kati ya kipindi na kipindi unaacha nafasi tupu ya wazi, sentimita 40 hadi 60, ili jicho lipumzike lijue hapa kuna kurasa mpya. Kosa ninaloliona sana ni nafasi kati ya vitu vyote kuwa sawa, kila sentimita 20 kuna taa. Hapo mgeni haoni vipindi, anaona rafu ya duka. Maelfu ya miaka ya mwanzo unayaonyesha kwa kuruka kwa wazi, mfano ukuta unakatika, rangi inabadilika, na lebo inasema wazi kwamba hapa tumevuka muda mrefu ambao taa haikubadilika sana.

Na vitu punguza. Dada una vitu vingapi?

mtunza_vitu
Kama sitini hivi.

mzee_wa_maonyesho
Chumba hicho, ishirini na tano hadi thelathini. Kandili tano zinazofanana hazisogezi hadithi mbele. Chagua moja, nyingine zirudi stoo.

nyaraka_na_vumbi
Hapo stoo sasa rejista yangu itawafaa 😄

mtunza_vitu
😄 Kweli.

Wakuu na nguzo? Nawaomba msiniambie niitoe.

kichwa_ngumu
Nguzo iache katikati, ndo inayoleta watu.

mzee_wa_maonyesho
Katikati haifai kwa chumba hiki. Taa za gesi za barabarani ni mwanzo wa miaka ya 1800, London Pall Mall iliwashwa 1807, kwa hiyo kwenye hadithi yako ni sura ya tatu hivi. Ikikaa katikati kila anayeingia anaanza na sura ya tatu, halafu amesimama katikati na pande zote ziko sawa, anakwenda kokote.

Ihamishie kona ya mbali ya kushoto, ukuta wa kushoto unapokutana na wa nyuma. Hapo ndipo miaka yake inapofika ukianzia kushoto. Na ukiwa mlangoni unaiona kwa mshazari, inakuvuta uelekee ukuta wa kushoto badala ya katikati. Inakuwa kama lengo la kutembea.

kichwa_ngumu
Na wataruka ukuta wote wa kushoto wakaifuate. Mita 7 za taa za udongo na mishumaa nani atasimama wakati anaona nguzo ya mita tatu pale mbele?

mzee_wa_maonyesho
Hoja yako ina uzito. Ndo maana taa ya kwanza inapewa mwanga mkali na nguzo mwanga hafifu hadi ukaribie. Pia kabati moja la ukuta wa kushoto linaweza kutoka mbele kidogo likaziba sehemu ya chini ya nguzo, mtu aone kichwa tu. Lakini sikwambii itafanya kazi kwa wote.

Fundi Makabati
Dada kabla hujaniagiza mbao au mtu mwingine yeyote, fanya jaribio la maboksi. Chora chumba kwenye karatasi kwa kipimo cha moja kwa ishirini, yaani sentimita 35 kwa 25, kata vikaratasi vya makabati uvisogeze. Ukiridhika bandika tepu sakafuni mahali pa kila kabati na weka maboksi ya katoni ya ukubwa halisi, na kizuizi tumia shuka kwenye kamba. Gharama sifuri na unajua kila kitu.

mzee_wa_maonyesho
Na ukishaweka maboksi, chukua nakala za ramani ya chumba, kaa kwenye kona na kila mgeni mmoja mchoree mstari wa alikopita kwa penseli, nukta kila aliposimama. Mgeni mmoja karatasi moja. Ukifika ishirini hivi zipange mezani utaona mwenyewe. Halafu akitoka usimuulize ulipenda au hukupenda, watasema walipenda. Muulize: kati ya karabai na balbu, kipi kilitangulia? Mistari inakuonyesha miguu imefuata njia, hilo swali linakuonyesha kama kichwa nacho kimefuata.

mtunza_vitu
Wakuu narudi na mrejesho. Nimeweka maboksi, shuka ya kizuizi, dirisha nimeziba kwa ubao mweupe, taa ya udongo iko peke yake kwenye spotilaiti kushoto.

Kuhusu kulia nimeshangaa. Kwenye karatasi nyingi mstari unatoka mlangoni unakwenda kushoto, unasimama taa ya udongo, na pale pale wanasoma utangulizi. Wachache wanaonizungukia kizuizi ni wale wanaoingia wakiwa wanaongea na simu au na mwenzao.

Ukuta wa nyuma mistari imenyooka vizuri. Ile ya safu mbili ndo nina jambo. Watu wengi wanatembea na safu ya chini peke yake hadi mwisho, halafu wengine wanarudi kusoma ya juu, wengine hawarudi. Na swali la karabai, waliosoma safu zote wanajibu sawa, waliosoma ya chini tu wengi bado wanasema karabai ilitangulia.

ticha_wa_historia
Kwa sababu chini ni usawa wa mkono na rahisi. Badilisha, moto uwe chini na umeme juu?

mzee_wa_maonyesho
Hapana ticha, utahamisha tatizo tu, watasoma moto wataacha umeme. Nadhani shida ni lebo mbili mbili. Jaribu lebo moja kwa jozi, inayozungumzia vitu vyote viwili kwa sentensi moja, mfano "Balbu ya chini ilipoanza kuuzwa, soksi ya juu ilikuwa bado haijabuniwa." Iwe katikati ya safu mbili pale ulipoandika mwaka. Mtu akisoma anainua macho mwenyewe, kwa sababu lebo inamtuma juu. Na ifupishe, maneno hamsini yanatosha sana.

mtunza_vitu
Hiyo nitaijaribu. Na nguzo, kichwa_ngumu umeshinda nusu 😅 nimeona mistari kadhaa inakwenda kwa taa ya udongo halafu inaruka moja kwa moja hadi kona. Nimepunguza mwanga wake na wameruka wachache zaidi, ila wapo.

kichwa_ngumu
Nilisema. Mi ningeweka kitu cha kusimamisha katikati ya ukuta wa kushoto, kitu cha kugusa. Utambi na vifaa vya kutengenezea mshumaa, mtu ashike.

mzee_wa_maonyesho
Wazo zuri, cha kugusa kinasimamisha mtu kuliko cha kutazama. Lakini likija kundi la shule kitawasimamisha watoto thelathini kwa pamoja halafu njia ya mita 1.2 itaziba. Hapo sina uhakika, ningekijaribu kwanza kwa boksi.

Sayansi_Mtaani
Na lebo kama ziko kwa lugha mbili na moja inaandikwa kwa herufi za Kiarabu, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto? Huyo msomaji mpangilio huu unamwendea kinyume.

mzee_wa_maonyesho
Ndio, kwake ukuta unasomeka kinyume. Usiweke paneli ndefu ya pamoja, tengeneza paneli fupi zinazojitosheleza, kila lugha upande wake, na miaka mikubwa juu ambayo yeyote anaisoma. Mwendo wa chumba utabaki mmoja, huwezi kuzungusha watu pande mbili kwenye mita tano.

ticha_wa_historia
Na makundi ya shule dada. Watoto thelathini hawaingii kwa mpigo mmoja wakafuata mstari, wanajaa chumba chote mara moja na kila mmoja anaanza alipobanwa.

mtunza_vitu
Hilo ndilo linaloniumiza sasa hivi, nina kundi linakuja. Nafikiria kuwagawa, nusu wabaki nje na mwongozaji, nusu waingie. Kuna ambaye amewahi kuendesha makundi mawili ya kupishana kwenye chumba cha mlango mmoja? Wanaotoka na wanaoingia wanakutana palepale kwenye kizuizi.

Fundi Makabati
Waliomaliza wasubiri nyuma ya ubao hadi wote watoke kwa pamoja, ndo maana nilitaka ile nafasi iwe pana. Nipimie mlango kwanza dada, upana wa ndani kati ya fremu na fremu, na unafungukia ndani au nje.

mtunza_vitu
Ndani, unafungukia upande wa kulia.

Fundi Makabati
Basi ubao usogee sentimita kumi kulia, la sivyo mlango utaupiga. Nipe na urefu wa dari tujue tunafungia wapi juu.